SOMO: Kumlipa influensa kwa ajili ya mgahawa mpya (soma kabla hujaniuliza bei)

Naandika mara moja, nikiulizwa tena naweka kiungo. Mfano ni mgahawa mpya wa samaki Sinza, Dar. Kama uko kwingine badili bei, hesabu ni ileile.

1. Fungua kwanza, influensa aje baadaye. Jiko likae sawa wiki tatu au nne, na uwe umeshajua Jumamosi ya kawaida inaingiza watu wangapi. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

2. Angalia watazamaji wake wanaishi wapi. Mwenye wafuasi laki tatu waliotawanyika mikoani na ughaibuni hakuletei mtu wa kula Sinza leo jioni. Mwombe afungue Insights huku akirekodi skrini, uone miji ya watazamaji wake. Picha ya skrini usikubali, inahaririwa.

3. Ada ipange kwa sahani zako. Tuseme anataka 400,000, na chakula atakachokula na mpigapicha wake kinakugharimu 60,000. Jumla 460,000. Mteja mmoja akilipa 25,000, ukitoa samaki, mafuta, mkaa na vifungashio, tuseme unabaki na 10,000. Unahitaji wateja wapya 46 ili pesa irudi. Ukiwapa na juisi ya bure inayokugharimu 1,500, unabaki na 8,500, kwa hiyo sasa ni 55. Ukiona meza zako haziwezi kubeba nyongeza hiyo, shusha ada au achana naye.

4. Mkataba. Ukurasa mmoja unatosha: video ngapi, stori ngapi, tarehe na saa ya kuposti, posti ikae muda gani bila kufutwa, na lini hataruhusiwa kutangaza mgahawa mwingine wa samaki. Nusu ya malipo mkisaini, nusu posti ikishatoka. Iandikwe wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa na yeye aweke alama hiyo. Usimwandikie sifa za kusema. Akikuta ugali umepoa, aongee na wewe kabla ya kuposti.

Kipengele kinachosahaulika ni haki ya kutumia video. Kulipia atengeneze haimaanishi unaruhusiwa kuikata na kuiendesha kama tangazo kwenye ukurasa wako. Watu huirusha, baada ya mwezi wanadaiwa ada ya pili, na mwenye video ana haki. Andika: itumike wapi, kwa miezi mingapi, na kama unaruhusiwa kuilipia isambazwe.

5. Kupima. Hapa ndipo pesa inapopotelea. Likes hazilipi bili ya umeme. Kila influensa mpe neno lake, kwa mfano PWEZA, mteja alitaje kwa keshia apate juisi. Lakini wengi husahau neno, wengine huona aibu kulisema. Kwa hiyo mhudumu aulize kila meza, "Mmetujuaje?", na apige mstari kwenye daftari kabla hajaleta bili. Keshia asiachiwe kujaza usiku kwa kumbukumbu, atabuni. Na usilete influensa wawili wiki moja, hutajua nani kaleta nani.

MASWALI

Kijana wa Tabata: Kwa hiyo influensa analipwa shilingi ngapi?
Jibu: Namba 3.

Kijana wa Tabata: Nimesoma, ila nataka bei kamili.
Jibu: Bei kamili iko kwenye sahani zako, mkuu. Niambie unabaki na ngapi kwa mteja ndipo tuongee.

Mama Biriani: Shikamoo. Mimi meza zikijaa Ijumaa tu, nitajuaje kama ni yeye au ni mwisho wa mwezi?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Linganisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi na Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliopita, siyo na wiki iliyotangulia. Bora zaidi, mwambie aposti Jumatatu na neno lifanye kazi Jumanne hadi Alhamisi tu. Siku hizo kwako ni baridi, kwa hiyo ongezeko litaonekana, na Ijumaa hutagawa juisi kwa watu ambao wangekuja tu.

Mhasibu Mstaafu: Hujataja kodi.
Jibu: Kweli. Tangu Sheria ya Fedha ya 2024, malipo kwa mtengeneza maudhui mkazi yana kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye 400,000, yeye anapata 380,000 na 20,000 unapeleka TRA. Mkubaliane mapema. Akisema anataka 400,000 mkononi, gharama yako inakuwa kama 421,000, na wateja wa kurudisha pesa wanaongezeka.

Mama Biriani: Na arekodi saa ngapi? Taa zangu ni za njano.
Jibu: Saa tisa alasiri, meza ya karibu na dirisha, kabla wateja wa jioni hawajafika. Samaki wa kurekodi akaangwe akishafika, ngozi hulegea haraka.

Mpishi wa Mbezi: Ongezea: pini ya Ramani za Google iwe mahali sahihi. Kwangu ilikuwa mtaa wa pili, bodaboda wakawa wanapeleka watu gereji.