Somo: Kuomba namba ya RMA mzigo unaporudi kwa sababu zaidi ya moja

Namba ya RMA ni idhini ya msambazaji kwamba anaujua mzigo unaorudi na yuko tayari kuupokea. Ugumu unaanza pale bidhaa za ankara moja zinaporudi kwa sababu tofauti, na mnunuzi akaandika tu "tunarudisha vipande 17, vibovu." Hapo ombi hukwama, kwa kuwa kila sababu ina mtu wake wa kuishughulikia.

Tuchukue mfano. Umeagiza adapta 48 za 12 V 2 A. Ulipofungua katoni umekuta 12 zimeandikwa 12 V 1 A, 3 hazitoi umeme, na 2 zimepasuka ganda. Zilizobaki 31 ni nzima.

Kwanza, tenga na uhakiki. Weka mafungu matatu, usiyachanganye tena. Zile 12 usizichomeke kabisa: ni nzima, na msambazaji atataka kuziuza upya, kwa hiyo ziache kwenye boksi zake. Zile 3 zipime kwa multimita, kwenye soketi ambayo adapta nzima imefanya kazi, ili lawama isiangukie soketi yako. Zile 2 zipige picha pamoja na katoni ya nje, pale ilipobonyea. Bila picha ya katoni, msafirishaji atasema zilipasukia stoo kwako.

Pili, kusanya namba. Unahitaji namba ya ankara, namba ya agizo, tarehe ya kupokea, msimbo wa bidhaa kama ulivyo kwenye ankara, na namba ya mfululizo au ya bechi kutoka kwenye lebo ya kila adapta mbovu.

Tatu, andika ombi. Kila sababu iwe na mstari wake, na kila mstari useme unataka nini:

> Naomba namba ya RMA kwa bidhaa zifuatazo za ankara namba ____, zilizopokelewa tarehe ____.
> 1. Adapta 12: tuliagiza 2 A, tumeletewa 1 A. Hazijatumika. Tunaomba tubadilishiwe.
> 2. Adapta 3 (namba za mfululizo: ____): zikichomekwa, multimita inasoma 0 V. Tunaomba tubadilishiwe.
> 3. Adapta 2: ganda limepasuka safarini. Picha zimeambatishwa, na tuliandika hali ya katoni kwenye hati ya kupokelea. Tunaomba krediti noti.
> Tafadhali tujulisheni pia anwani ya kurudishia, nani analipa usafiri, na mwisho wa kutumia namba hiyo.

Neno "mbovu" peke yake halimsaidii fundi wao. "Inasoma 0 V" linamwambia aanzie wapi, na linapunguza uwezekano wa kurudishiwa adapta ileile na karatasi ya "haina tatizo."

Nne, funga. Namba ikija, iandike kwenye lebo ya katoni ya nje na kwenye orodha iliyo ndani. Usiiandike kwenye boksi la kiwandani, maana boksi lililochorwa linaweza kukukosesha malipo kamili. Bandua au funika lebo za zamani za usafirishaji: msimbopau wa awali ukisomwa, mzigo unaweza kurudi kwako.

Maswali ya wanachama

*Gari linaondoka leo na namba bado. Nitume, namba ifuate?*
Usitume. Mpokeaji wa ghala hana rekodi ya mzigo huo. Ataukataa, au utawekwa kando bila mwenyewe. Ukipotea hapo, huna hati inayoonyesha kwamba walikubali kuupokea.

*Nimeshapewa namba, kisha nimegundua adapta ya nne mbovu. Niitumbukize humo humo?*
Omba waiongeze kwanza. Wao hulinganisha idadi iliyoidhinishwa na iliyofika, na zikipishana krediti noti ya mzigo mzima inaweza kusimama. Ombi lenyewe ni la sentensi moja: "Mstari wa 2 usomeke 4 badala ya 3," pamoja na namba ya mfululizo.

*Sikuandika chochote kwenye hati ya kupokelea, nilisaini tu. Zile zilizopasuka nimezikosa?*
Si lazima, lakini umejipa kazi. Toa taarifa mara moja, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa msambazaji na msafirishaji, maana muda wa madai ya uharibifu wa safarini mara nyingi ni mfupi kuliko wa dhamana. Tunza katoni na vifungashio vyote mpaka dai liishe, kwani wanaweza kutaka kuvikagua.

*Usafiri analipa nani?*
Soma masharti ya mauzo. Aliyekuletea bidhaa isiyo sahihi kwa kawaida hubeba gharama. Ukirudisha bidhaa nzima kwa kuwa umebadili mawazo, tegemea kulipa usafiri na pengine kukatwa ada ya kuipokea tena.