Somo: Cheti cha rubani wa droni kwa kazi ya picha, na kimo kinachowaponza watu wa milimani

Wakuu, swali la "nimenunua droni, nianze kupiga harusi na mashamba, natakiwa kuwa na nini?" nimelijibu mara nyingi mno. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Nafanyia kazi Mbeya, nafika Iringa na Njombe, na mengi ninayopiga ni mashamba na majengo. Hatua nyepesi nazipita mbio. Ya nne nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu.

1. Uwe umetimiza miaka 18 na una kitambulisho.

2. Soma kwenye chuo kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kabla hujalipa ada, wapigie TCAA wenyewe wakuthibitishie chuo hicho. Mtihani wa nadharia unagusa sheria za anga, hali ya hewa, jinsi propela inavyonyanyua chombo, betri, na uchovu wa rubani. Baadaye unarusha droni mbele ya mkaguzi. Kanuni zetu za droni ni za mwaka 2018. Zisome zenyewe, msitegemee video za watu wa Ulaya.

3. Sajili droni TCAA. Namba ya kiwandani nakili kutoka kwenye mwili wa chombo, si kwenye boksi. Ukinunua ya mkononi, boksi na chombo huenda havikutoka pamoja.

4. Kibali cha kuruka, na kimo utakachoandika. Cheti kinasema wewe unajua kurusha. Kibali kinasema unaruka wapi, lini na kwa kimo gani. Ni vitu viwili. Pamoja na TCAA kuna ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, kwa hiyo ukisikia harusi ni Jumamosi usianze kuomba Alhamisi. Ukiwa Ruaha au Kitulo unaongeza ruhusa ya TANAPA. Karibu na uwanja wa Songwe au wa Iringa husogei bila waongoza ndege kukubali. Ukifika kijijini, anza kwa mwenyekiti, kwa heshima ya kawaida tu.

Sasa kimo. Kikomo ni futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Hapo ndipo wengi huanguka, kwenye mtihani na kazini. Ile H unayoiona kwenye skrini haipimi ardhi iliyo chini. Inapima kutoka pale uliporukia. Kwenye tambarare namba hizo mbili ni moja, na ndiyo maana aliyejifunzia Dar hajawahi kuiona tofauti. Huku kwetu kila shamba lina mgongo na bonde.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata kazi kwenye shamba la chai upande wa Rungwe. Nilisimama barabarani juu ya mgongo, mwinuko mita 1,640 kutoka usawa wa bahari. Mto ulio chini ya shamba ulikuwa mita 1,570. Nikapanda hadi H ya 95, nikaona niko salama, tena nimebakiza mita 25. Nikaipeleka droni bondeni bila kugusa kimo. Hesabu yake ilikuwa hii, nami sikuipiga:

```
kimo halisi = H + (mwinuko wa uliporukia - mwinuko wa chini ya droni)
            = 95 + (1640 - 1570)
            = 165
```

Mita 165, wakati kibali changu kilisema 120. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mgongoni kwenda bondeni. Kwenda ilikuwa mteremko, kurudi ikawa kuupinga. Betri ikaisha njiani, chombo kikajishusha chenyewe na kuangukia jiko la mama mmoja, kikatoboa mabati mawili. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Kampuni ya bima iliomba kumbukumbu za safari kutoka kwenye simu yangu, ikalinganisha na ramani ya mwinuko, ikanijibu kwamba nilikuwa nje ya masharti ya kibali. Sikulipwa. Mabati nilinunua mimi, na nilikwenda mwenyewe kumwomba yule mama radhi.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Nafungua Google Earth, napitisha kielekezi juu ya eneo lote na kuandika mwinuko wa chini kabisa na wa juu kabisa. Kwenye maombi sitoi nukta moja. Natoa pembe zote za eneo, kimo cha juu kutoka ardhini, na mahali nitakaposimama. Kisha napanga H kwa kila sehemu. Pale Rungwe, juu ya mto, H haikupaswa kuzidi 50, maana 50 ukijumlisha 70 ni 120. Ramani hizo nazo hukosea mita kadhaa, hivyo nabakiza 15 na kubaki na H ya 35. Nikitaka picha ya bonde kutoka juu zaidi, nahama. Naenda kurukia huko huko bondeni.

5. Bima. Unayoihitaji kwanza ni ya madhara kwa mtu wa tatu: paa la jirani, gari, kichwa cha mgeni wa harusi. Bima ya droni yenyewe ikivunjika ni nyingine, na unaweza kuanza bila hiyo. Kama una studio yenye bima ya dhima, usidhani inakufunika. Bima hizo kwa kawaida hutoa nje chochote kinachoruka. Hakikisha kampuni imesajiliwa na TIRA, na kwenye hati jina la rubani, namba ya kiwandani na neno "biashara" viwepo. Halafu soma ukurasa wa vitu visivyolipwa kabla ya ule wa bei.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Mbalizi: Mkuu kwa kifupi, bila cheti siwezi kurusha tu harusi ya ndugu yangu?

Jibu: Unalipwa?

Mdau wa Mbalizi: Ananipa ya nauli na kitu kidogo.

Jibu: Basi ni kazi. Na kibali unahitaji hata usipolipwa. Mbalizi mko jirani na Songwe, ndege zinashuka juu ya vichwa vyenu. Soma hatua ya 4.

Mdau wa Mafinga: Yangu ina gramu 249, haihusiki na haya yote.

Jibu: Hicho kipimo cha gramu 250 umekitoa kwenye sheria za nchi nyingine, na hata huko hakimfuti mtu wa biashara moja kwa moja. Nenda TCAA na droni yako, waulize ana kwa ana.

Mdau wa Mafinga: Lakini muuzaji aliniambia...

Jibu: Muuzaji hatakuwepo siku ukikamatwa, ndugu yangu.

Mdau wa Njombe: Shikamoo kaka. Nimeelewa kurukia juu na kwenda bondeni. Je, nikirukia bondeni kwenda mlimani? Si niko salama zaidi, maana kimo halisi kinapungua?

Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo la maana sana. Kisheria uko salama, ila chombo ndicho kiko hatarini. Tuseme umerukia kwenye mwinuko wa 1,900, mbele yako kuna kilima cha 1,980 chenye miti ya mita 20. Ncha ya miti iko mita 100 juu yako. Ukiwa kwenye H ya 115 unapita juu yake kwa mita 15. Sasa mawasiliano yakakatika ukiwa nyuma ya kilima. Droni inarudi nyumbani yenyewe kwa kimo ulichoweka kwenye `RTH Altitude`, nacho pia kinapimwa kutoka uliporukia. Kama umeshuka upande wa pili hadi H ya 50 na umeacha RTH kwenye 60, itapanda hadi 60 na kuja moja kwa moja kuujia mlima. Vihisi vya mbele vinaweza kuuona, ila jua likiwa mbele au ukungu ukiwepo usivitegemee. Weka RTH kwenye 120 hapo. Na kwa kweli usiende nyuma ya kilima hata kidogo: sheria inataka uione droni kwa macho yako muda wote.

Mdau wa Njombe: Asante sana kaka. Kwa hiyo RTH nabadilisha kila ninapohama?

Jibu: Kila eneo jipya, kabla propela hazijazunguka. Mimi nimeiandika kwenye karatasi niliyobandika ndani ya begi. Lakini ukiwa juu mgongoni usiiweke 120 kwa mazoea, maana ikianza kurudi kutoka bondeni itapanda kupita kikomo. Pale Rungwe 40 ingetosha, kwani pale nilipokuwa hakukuwa na mti.

Mdau wa Iringa mjini: Maombi yangu yamerudishwa, wanasema eneo haliko Tanzania. Nimeandika 8.9, 33.45, nilikuwa na kazi huko Mbeya. Kosa ni lao.

Jibu: Kosa si lao. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Andika -8.9 au 8.9 S. Bila alama hiyo umeomba kurusha kaskazini mwa ikweta, nje kabisa ya nchi.

Mdau wa Iringa mjini: Duh. Nimeona.

Jibu: Usiache desimali moja tu vilevile. Desimali moja ya digrii ni kama kilomita 11. Weka angalau nne, hapo uko ndani ya mita kumi na kitu.

Mdau wa Uyole: Mimi nina cheti tayari. Swali la pembeni: kwa nini betri iliyonipa dakika 27 Dar hapa inanipa 22?

Jibu: Karibu sana. Ni mambo mawili. Kwanza hewa: kwenye mita 1,700 ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo propela inazunguka kwa kasi zaidi ili kunyanyua uzito ule ule, na inakula umeme. Pili baridi: asubuhi ya Juni na Julai betri ikiwa baridi inashindwa kutoa nguvu ghafla. Utaona asilimia 70 kisha inaporomoka. Zibebe ndani ya koti, mwilini, siyo kwenye buti la gari. Ukishainyanyua droni, iache ielee kwenye mita 3 kwa dakika moja betri ipate joto ndipo uanze kazi.

Mdau wa Uyole: Na ya kurudi naanza lini?

Jibu: Pwani nilikuwa nageuza kwenye asilimia 30. Huku nageuza kwenye 45, na kama upepo unanisukuma mgongoni wakati wa kwenda, kwenye 55.