Somo: Barua ya kumwombea mke kibali cha ukaazi huku ombi la uraia likisubiri

Mke wangu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, raia wa Msumbiji. Mimi wa Newala, tunaishi Mtwara mjini. Tulishapeleka ombi lake la uraia wa tajnisi, nami nikajua limemkinga. Halimkingi. Tajnisi huamuliwa na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na mpaka apewe cheti, mke wangu bado ni mgeni anayehitaji kibali hai.

Anza miezi miwili kabla kibali hakijaisha. Fomu hujazwa mtandaoni kwa jina la mke. Barua ya mume ni kiambatisho tu, haiwi fomu. Weka pamoja nakala za pasipoti, kibali cha sasa, cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha NIDA na stakabadhi ya ombi la uraia.

Barua mwandikie Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, K.K. Afisa Uhamiaji wa Mkoa. Mimi niliharibu kwenye "Yah". Niliandika "Kibali na uraia", barua ikaingia jalada la uraia na kulala huko wiki tatu. Ya pili niliandika hivi:

"Yah: MAOMBI YA KUHUISHA KIBALI CHA UKAAZI CHA MKE WANGU

Mimi ni raia wa Tanzania na mume halali wa mwombaji. Kibali chake kinaisha tarehe 14 Agosti, naomba kihuishwe. Tunaishi pamoja na matunzo yake ni juu yangu. Aidha, ana ombi la uraia ambalo bado linashughulikiwa (nakala ya stakabadhi imeambatishwa). Barua hii haiombi uamuzi wa ombi hilo."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayomwambia karani aiweke jalada gani. Usilalamike humo kuwa uraia umechelewa. Hayo yana barua yake. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.

MASWALI

Somoe, Lindi: Kaka, kwangu ni kinyume. Mimi Mtanzania, mume ndiye mgeni. Barua hii inanifaa?

Jibu: Ya kibali inafaa dada, badili "mume" na "mke". Kwenye uraia ndipo mnapotofautiana nasi. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinamtaja mwanamke aliyeolewa na Mtanzania. Mume mgeni anapita njia ya kawaida ya tajnisi, yenye masharti ya miaka ya kuishi nchini.

Baba Hadija, Masasi: Pasipoti ya mke wangu inaisha Septemba. Si atapata ya Tanzania, ya nini kuhangaika na ya kwao?

Jibu: Hangaika nayo, mzee wangu, tena kabla ya kibali. Kibali hakikai kwenye pasipoti iliyokufa. Uraia wa kwao ataukana wakati wa kupewa wa kwetu, si leo.

Somoe: Na stakabadhi ya uraia ikipotea?

Jibu: Andika namba ya jalada na tarehe uliyowasilisha, ueleze kuwa imepotea. Usiseme "imeambatishwa" kama haipo.