Kusafiri kwa Ndege Nairobi–Entebbe kwa Kitambulisho Badala ya Pasipoti

Wiki iliyopita nilimsaidia shangazi yangu, ambaye hana pasipoti, kujiandaa kwenda Entebbe. Jambo lililotuchelewesha silo lile alilokuwa akiliogopa.

Hatua ya 1: Hakikisha uraia wako na njia ya ndege. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huruhusiwa kuvuka mipaka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania na Ethiopia hazimo katika mpango huo, kwa hiyo tiketi ya bei nafuu inayokupitisha Kilimanjaro au Addis Ababa itakudai hati nyingine. Nashauri ndege ya moja kwa moja, hata ikizidi bei kidogo.

Hatua ya 2: Kagua kadi yenyewe. Iwe halisi; nakala, picha ya simu na karatasi ya kusubiria kitambulisho hazitoshi. Kitambulisho cha mgeni mkaazi hakihesabiwi, kwa kuwa mwenyewe si raia. Mtoto wa Kenya aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho, hivyo mwombee pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Hatua ya 3: Jaza fomu ya tiketi. Hapa tulikesha. Kadi ya shangazi, ya muundo wa zamani, ina namba mbili upande wa mbele: `SERIAL NUMBER` na `ID NUMBER`. Yeye aliandika ile ya kwanza, kwa kuwa ni ndefu na inafanana zaidi na namba ya pasipoti. Inayotakiwa ni `ID NUMBER`. Tuliporekebisha hilo, fomu ikadai tarehe ya mwisho wa hati, ilhali kadi hiyo haina tarehe ya namna hiyo. Usibuni tarehe, wala usichague `Passport` kisha ukajaza namba ya kitambulisho, maana mhudumu atatafuta pasipoti ambayo haipo. Ikiwa orodha ina `National ID`, ichague; fomu ikikataa bado, achana na kujisajili mtandaoni, nenda uwanjani masaa matatu kabla ya safari na ujisajili kaunta. Mimi napendelea kaunta tangu mwanzo, kwa sababu mhudumu huishika kadi mkononi na kusahihisha kosa papo hapo. Jina la tiketi nalo lifuate kadi herufi kwa herufi: shangazi amezoea kuandika majina mawili, kadi ina matatu, nasi tukalazimika kulipia marekebisho.

Hatua ya 4: Chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kitambulisho hakichukui nafasi yake, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Hatua ya 5: Kwa kuwa kadi haina ukurasa wa kugongwa muhuri, ukipewa karatasi yenye muhuri wa uhamiaji, itunze pamoja na kadi hadi utakaporudi Nairobi.