Pasipoti imeibiwa Kampala: hatua kwa hatua hadi uvuke mpaka wa Mutukula

Tuchukue kisa kimoja tukifuate mwanzo hadi mwisho. Mfanyabiashara wa Mwanza amekuja Kampala kununua nguo Kikuubo. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwenye msongamano wa Old Taxi Park, mkoba wake unachanwa kwa wembe. Pasipoti imekwenda, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aliyoichomeka ndani yake. Simu imebaki mfukoni. Basi lake la kurudi ni Jumapili.

Jambo la kwanza kulikubali ni kwamba basi la Jumapili halipo tena. Ubalozi hufungwa Jumamosi na Jumapili, na kwa kawaida hufungwa pia sikukuu za nchi zote mbili: tarehe 9 Oktoba ya Uganda na tarehe 9 Desemba ya Tanzania, kwa mfano. Piga simu kwa kampuni ya basi mapema uombe kuhamishiwa siku nyingine. Ukisubiri hadi basi liondoke, nauli hiyo ni vigumu kuiokoa.

Polisi, jioni ileile

Nenda kituo kinachohusika na eneo ulipoibiwa. Kwa Old Taxi Park, anzia Polisi Kuu ya Kampala, ambayo kila mtu anaiita CPS. Kiswahili ni lugha ya kazi ya polisi wa Uganda, kwa hiyo eleza kwa lugha yako bila wasiwasi. Barua ya polisi lakini itaandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Taarifa yako itaingizwa kwenye daftari la kituo na utapewa namba inayoanza na SD. Namba hiyo ni sawa na RB ya Tanzania au OB ya Kenya. Usiridhike na namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Unachohitaji ni barua yenye muhuri wa kituo, jina na cheo cha ofisa aliyesaini, namba ya SD, na namba ya pasipoti. Barua isiyo na namba ya pasipoti inasema tu kwamba kuna mtu kapoteza pasipoti fulani, na ofisa wa ubalozi hawezi kuifanyia kazi. Ukiambiwa kuna ada, omba namba ya malipo ya serikali ulipie benki au kwa simu na upewe risiti.

Kabla muhuri haujagongwa, isome barua neno kwa neno. Kagua jina lako lilingane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Hakikisha pia imeandikwa kwamba umeibiwa, si kwamba umepoteza. Vitu hivi viwili havichukuliwi sawa: wizi ni kosa la jinai lenye uchunguzi wake, na ubalozini maelezo yako ya mdomo yatalinganishwa na karatasi. Ukisema umeibiwa wakati barua inasema umepoteza, utarudishwa CPS kurekebisha, na siku nzima imekwisha.

Namba ya pasipoti inanakiliwa vibaya mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Wengi huisoma kwenye picha waliyopiga zamani, kutoka ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye sura. Mstari wa pili huanza na namba ya pasipoti, ila nafasi yake ni herufi na tarakimu tisa tu. Ya kumi ni tarakimu ya ukaguzi ya mashine, si sehemu ya namba. Kwa mfano wa kubuni:

```
TAE1234562TZA
```

Namba hapo ni TAE123456. Ile 2 ya mwisho haimo. Ukiiandika yote, namba uliyoripoti haitakuwa ya pasipoti yoyote duniani, na ile yako itabaki hai mikononi mwa mwizi.

Kuna jambo jingine la kulielewa kabla hujatoka kituoni. Pasipoti ikishatangazwa kuibiwa, taarifa zake zinaweza kuingizwa kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati za safari zilizopotea na kuibiwa, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo maofisa wa mipaka ya nchi nyingi huiangalia. Mtu akikuletea pasipoti yako kesho, usiitumie kusafiria. Ipeleke ubalozini. Wapo wanaoshikiliwa uwanja wa ndege wakiwa na pasipoti yao wenyewe, kwa sababu kwenye kompyuta ni pasipoti ya wizi.

Jumamosi na Jumapili: kukusanya karatasi

Siku hizi mbili ndizo zitakazoamua kama Jumatatu utahudumiwa au utarudishwa. Ubalozi una maswali mawili tu: je, wewe ni Mtanzania, na je, wewe ndiye mwenye hii pasipoti?

Jibu la haraka zaidi ni kitambulisho cha NIDA. Kama kimeibiwa nacho, namba yake yenye tarakimu 20 bado ina kazi, maana inaweza kuhakikiwa. Mpigie mtu wa nyumbani akutumie picha ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na ukurasa wa pasipoti. Asiyekuwa na chochote kati ya hivyo amtume ndugu yake kwa ofisa mtendaji wa mtaa au kijiji aombe barua ya utambulisho yenye picha na muhuri. Hiyo hukubalika kama nyongeza, si badala ya uthibitisho wa uraia, kwa hiyo isiwe karatasi pekee mkononi.

Chapisha kila kitu. Maduka ya uchapaji yamejaa Nasser Road na Nkrumah Road. Toa nakala tatu za kila karatasi: moja ya ubalozi, moja ya uhamiaji mpakani, moja ya kubaki nayo. Barua halisi ya polisi isiondoke mkononi mwako bila kuachiwa nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwani utaihitaji tena nyumbani. Picha za pasipoti zisubiri hadi uulize ubalozini wanataka rangi gani ya nyuma. Watu wengi hulipia mara mbili kwa kuwahi. Na ukimkuta mtu mtaani anayejitolea kukutengenezea barua ya polisi au "hati ya ubalozi", kaa mbali naye. Hapo ulipo wewe ni mtu aliyeibiwa. Ukiwa na hati bandia, mshitakiwa ni wewe.

Nakala ambayo karibu kila mtu hana ni ya ukurasa wenye muhuri wa kuingia Uganda. Watu hupiga picha ukurasa wa sura siku wanayopata pasipoti na kusahau. Ukurasa wa muhuri ndio unaoonyesha kwamba uliingia kihalali na siku ulizopewa hazijaisha. Anayesoma haya kabla ya safari aupige picha akiwa bado dirishani Mutukula, na amtumie mtu wa nyumbani. Usiihifadhi kwenye barua pepe peke yake. Simu ikiibiwa, namba ya siri ya kufungulia itatumwa kwenye laini iliyoibiwa, na kwa mgeni, kupata laini Uganda kunadai pasipoti ileile uliyoipoteza.

Mfanyabiashara wetu hakuwa na picha ya muhuri. Alikuwa na tiketi ya basi yenye tarehe na stakabadhi ya gesti ya usiku wa kwanza. Azipige nakala. Si muhuri, ila zinampa ofisa tarehe ya kuanzia kutafuta.

Jumatatu: ubalozini

Ubalozi wa Tanzania uko Nakasero. Fika kabla hawajafungua, kwa sababu uhakiki unahitaji mawasiliano na Uhamiaji nyumbani, na ombi la asubuhi lina nafasi ya kujibiwa siku hiyohiyo. La mchana halina.

Omba hati ya dharura ya kusafiria, usiombe pasipoti mpya. Pasipoti mpya inahitaji alama za vidole na muda ambao mtu aliyeko safarini hana. Hati ya dharura ni ya kukurudisha nyumbani. Kama ulikuwa uendelee Dubai au Guangzhou kutoka Entebbe, safari hiyo isahau kwa sasa: viza iliyotolewa kwa namba ya pasipoti ya zamani haihamii kwenye hati hii, na shirika la ndege litakukataa kaunta.

Ukikabidhiwa, kagua jina, tarehe ya kuzaliwa na siku ya mwisho wa matumizi ukiwa bado dirishani. Kisha uliza swali moja: je, wanaweza kukuandikia barua fupi kwa Uhamiaji wa Uganda inayotaja namba ya pasipoti iliyoibiwa? Hati mpya ina namba mpya, na kompyuta ya Uganda haijawahi kuiona. Barua hiyo ndiyo inayounganisha namba mbili hizi kuwa mtu mmoja.

Kama siku zako za kukaa zimepita, au huna uhakika, usiende mpakani moja kwa moja. Pitia makao makuu ya Uhamiaji ya Uganda, Namuwongo, ulimalize hapo. Mpakani, basi likiwa linapiga honi, si mahali pa kujadiliana.

(Kwa Wakenya: tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda husafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mkenya mwenye kitambulisho anaweza kurudi nacho kupitia Busia au Malaba, na ripoti ya polisi bado aichukue. Tanzania haimo katika mpango huo.)

Mutukula

Panda basi la kufika mchana na umwambie kondakta mapema kwamba utachelewa dirishani. Mutukula ni kituo cha pamoja: unapotoka Uganda, unavuka na kushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili kwenye jengo la upande wa Tanzania. Dirisha la kwanza ni la Uganda. Mpe hati ya dharura, barua ya polisi na barua ya ubalozi kwa pamoja, na umwombe atafute rekodi yako ya kuingia kwa namba ya zamani. Usisubiri aitafute ile mpya na kukuambia hujawahi kuingia.

Dirisha la Tanzania ni jepesi zaidi, isipokuwa kwenye kadi ya homa ya manjano. Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo ofisa wa afya ana haki ya kuidai. Picha ya kadi ya zamani humsaidia, na kituo kilichokuchanja kinaweza kutoa nakala kikiwa na rekodi. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha yote, hivyo kadi yenye umri wa miaka kumi na mbili haijaisha muda.

Mutukula kuna vijana watakaokuonyesha njia ya panya kwa elfu kadhaa. Ukiipita, kwenye kompyuta ya Uganda hujatoka. Safari ijayo, ukiwa na pasipoti mpya, alama zako za vidole zitaleta jina lako na siku zote ulizozidisha, na utaulizwa ulitokea wapi.