Somo: Mmepanga watatu, mmoja anaondoka kabla kodi haijaisha

Tanga wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi. Kwa watu watatu wanaochangia nyumba, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana hela ikishalipwa hairudi, na mwenzenu akihama mwezi wa pili atakugeukia wewe. Nitatumia nyumba yetu ya Nguvumali kama mfano.

Kwanza, gawaneni kodi kwa vyumba. Nyumba ilikuwa 240,000 kwa mwezi. Mwenye masta, chumba chenye choo ndani, alitoa 100,000, sisi wawili wa vyumba vya kawaida 70,000 kila mmoja. Kwa miezi sita, kuanzia Januari mosi, mimi nilitoa 420,000. Andikeni mgawo huo kwenye karatasi, na majina yote matatu yaingie kwenye mkataba. Likiingia jina moja tu, hao wengine kwa mwenye nyumba ni wageni wa huyo mmoja.

Pili, umeme na maji. Kununua luku kwa zamu tulikujaribu, tukashindwa. Mwezi ukianza, wa kwanza kununua alipata uniti chache kuliko mwenzake kwa hela ileile, tukaanza kuulizana kwa macho. Kumbe tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, na mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Meseji ya tokeni inaonyesha makato. Tulizitunza, tukamwomba atupunguzie tulipolipa kodi iliyofuata. Sasa kila mmoja anatoa kiasi kilekile tarehe mosi, mmoja ananunua na kutuma meseji kwenye grupu letu. Mwenye friji anaongeza kidogo. Maji tunagawana sawa bili ikija.

Tatu, wageni. Tulikubaliana usiku tatu, taarifa mapema. Ukizidi hapo, mgeni anahesabiwa kichwa cha nne kwenye luku na maji, na mwenyeji wake ndiye analipa. Binamu aliyetoka Muheza "kufuatilia cheti" alikaa wiki tatu. Hatukumfukuza, mwenyeji alilipa.

Nne, kuondoka. Mwenzetu wa chumba cha 70,000 alihamishiwa kazi Korogwe, akatoka mwisho wa Februari. Alikuwa ametumia 140,000, zikabaki 280,000 ambazo mwenye nyumba alikwisha kuzipokea. Kanuni yetu: anayeondoka anatoa taarifa ya mwezi mmoja, anamleta mrithi, na mrithi ndiye anayemrudishia. Mrithi aliingia Machi 16, kwa hiyo alilipa miezi mitatu na nusu, 245,000. Nusu mwezi ambayo chumba kilikaa tupu, 35,000, ilikuwa hasara ya aliyehama. Iliuma kidogo, lakini tulikuwa tumeiandika.

Mrithi tulimkubali sisi tuliobaki, kwani ndio tunaolala naye nyumba moja. Ila tuliweka mpaka: tukikataa watu wawili wenye kipato na tabia ya kawaida, siku zinazofuata ni zetu kulipa. Bila mpaka huo mtu anaweza kukataa kila anayekuja kwa sababu anafurahia nafasi.

Siku ya kuhama tulipiga picha mita ya maji. Bili ya mwezi huja mtu keshaondoka, kwa hiyo aliacha 10,000, na iliyobaki tukamtumia baadaye. Kisha tukaenda kwa mwenye nyumba, akaandika jina jipya kwenye mkataba na kusaini, mrithi akiwepo. Msiruke hatua hii. Hela iliyotumwa kwa simu kati ya wapangaji haimfungi mwenye nyumba.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mwenzetu amehama hana mrithi na anatudai hela yake. Tumpe?*
Hapana, dada, kama hamkuwa na makubaliano hayo. Hela hamna ninyi, anayo mwenye nyumba. Msaidieni kutafuta mtu, na huyo akipatikana ndiye amlipe aliyehama, kwa siku zilizobaki tu.

*Shikamoo. Mimi ndiye mwenye jina kwenye mkataba na ndiye ninayehama. Inakuwaje?*
Marahaba. Usitoke kabla mwenye nyumba hajaandika mkataba mpya kwa jina la anayebaki. Ukiondoka kimya, deni na kitasa kilichovunjika vitakufuata wewe.

*Anayehama anasema kitanda cha sebuleni tulichangia, anataka thuluthi yake.*
Mlinunua 90,000 mwaka juzi? Msihesabu bei ya dukani. Ulizeni fundi kitanda hicho leo kinauzwa ngapi. Akisema 45,000, mpeni 15,000. Sisi siku hizi kila kikubwa kinanunuliwa na mtu mmoja, akihama anakibeba.