Jinsi ya kuomba kibali cha kunyanyua kwa kreni kwa Kiswahili kinachoeleweka saiti

Kibali cha kunyanyua mzigo hutolewa na saiti yenyewe, kwa kawaida na msimamizi wa kazi za kreni pamoja na ofisa usalama. Fomu na majedwali huja kwa Kiingereza, na anayeomba ndiye hulazimika kuwafafanulia mafundi. Hapo ndipo makosa huingia. Kwa hiyo andaa tafsiri kabla ya kupeleka fomu, si asubuhi ya kazi mzigo ukiwa tayari umefungwa.

Anza na vyeti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kreni ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau kila baada ya miezi 12, na minyororo, kamba na vifaa vya kufungia kila baada ya miezi 6. Ambatanisha nakala. Hakikisha namba ya cheti ndiyo ile iliyo kwenye kifaa, maana mikanda ya kunyanyulia hukopeshwa saitini kama sufuria za jirani.

Kisha jaza uzito. Tuchukue mhimili wa zege wenye urefu wa mita 8, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Huo ni mita za ujazo 1.6, na zege lenye nondo huhesabiwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 4. Lakini jedwali la kreni huhesabu kila kinachoning'inia. Kama ndoano na kapi zake zina kilo 350, na mikanda na sheko kilo 50, andika tani 4.4.

Sasa jedwali la kreni. Safu ya umbali usiitafsiri kwa neno "umbali" peke yake, kwa sababu fundi atapima kutoka kwenye tairi. Andika: "kutoka katikati ya mahali kreni inapozungukia hadi chini ya ndoano." Tuseme jedwali la kreni yako linaruhusu tani 5.1 kwa mita 14 na tani 4.2 kwa mita 16. Mzigo wetu unapita kwa mita 14, kwa mita 16 haupiti. Andika kwenye kibali: "Mwisho mita 14", kisha chora alama ya chokaa chini pale mita 14 zinapoishia.

Pembe ya mikanda ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Ukitafsiri "digrii 60" bila kusema zimepimwa kutoka wapi, umetega mtego. Majedwali mengine hupima kutoka mstari wa kulala, mengine kutoka mstari wa kusimama. Digrii 60 kutoka mstari wa kulala ni salama kiasi: kila mkanda unabeba asilimia 58 ya mzigo. Digrii 60 kutoka mstari wa kusimama ni mikanda iliyotandazwa sana, na kila mmoja unabeba uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo.

Mimi pembe siandiki tena, naandika vipimo vya tepu. Gawanya mzigo kwa mbili, zidisha kwa urefu wa mkanda, kisha gawanya kwa kimo kutoka ndoano hadi pale mikanda inapofungwa kwenye mzigo. Mhimili wetu una pete mbili zilizoachana mita 4. Kwa mikanda ya mita 2.5, kimo ni mita 1.5: 2 × 2.5 ÷ 1.5 ni tani 3.3 kwa kila mkanda. Mkanda wa njano, ambao kikomo chake ni tani 3, umezidiwa, ingawa kwa macho mzigo wa tani 4 kwenye mikanda miwili ya tani 3 unaonekana mwepesi. Kwa mikanda ya mita 4, kimo kinakuwa karibu mita 3.46, na kila mmoja unabeba tani 2.3. Kanuni ya genge ikawa fupi: mkanda usiwe mfupi kuliko nafasi kati ya pete.

Mwisho, ishara za mikono. Tatizo letu ni neno "shusha". Niliwahi kumwona mpiga ishara akipaza sauti "shusha!" akitaka mzigo uteremke, opereta akalaza bumu, yaani mkono mrefu wa kreni. Bumu likilala, ndoano inakwenda mbali, na mita 14 zinakuwa 16 bila mtu kuongeza hata kilo moja. Ndiyo maana kwenye karatasi ya ishara tunaandika "teremsha mzigo" kwa kidole kinachoelekea chini kikizunguka, na "laza bumu" kwa dole gumba linaloelekea chini. "Shusha" tumeifuta kabisa. Andika jina la mpiga ishara mmoja tu, kisha uongeze kwamba ishara ya kusimamisha inaweza kutolewa na yeyote, na opereta ataitii.

Kabla ya kutia sahihi, mpe karatasi opereta na mpiga ishara, uwaombe wakuoneshe kwa mikono na tepu walichosoma. Wakitofautiana hata mahali pamoja, rekebisha neno hilo, uchapishe upya, ndipo uipeleke.